Sukari ya Asubuhi Iko Juu: Ni ya Alfajiri, au Ilishuka Usiku?

KIPINDI CHA AFYA KAMBINI
Washiriki: Mtangazaji, Muuguzi wa kliniki ya kisukari, Msikilizaji wa kwanza (mama), Msikilizaji wa pili (mzee)

(Muziki wa kipindi unaingia, unachezwa kidogo, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wenye kisukari, na zaidi wale wanaochoma insulini. Wengi mmetuuliza jambo moja: mtu analala sukari ikiwa nzuri, hali chochote usiku, halafu asubuhi anapima kabla ya chai na kukuta iko juu sana. Imetoka wapi? Studioni yupo dada muuguzi wa kliniki ya kisukari. Karibu, dada.

MUUGUZI: Ahsante sana. Nawasalimu wasikilizaji wote.

MTANGAZAJI: Tuanze hapo hapo. Mtu amelala hajala. Sukari inatoka wapi?

MUUGUZI: Inatoka kwenye ini lake mwenyewe. Ini ni kama ghala la sukari. Mchana tunapokula, linaweka akiba. Usiku tunapolala, linatoa kidogo kidogo ili ubongo na moyo viendelee kufanya kazi. Kwa hiyo sukari ya asubuhi hailetwi na chakula cha jana peke yake. Kazi ya ini usiku nayo imo ndani yake, pamoja na insulini iliyopo mwilini wakati huo.

MTANGAZAJI: Na hilo ghala linafunguka kupita kiasi?

MUUGUZI: Linaweza kufunguka kupita kiasi kwa sababu mbili zinazofanana asubuhi lakini hazifanani kabisa usiku. Ya kwanza inaitwa hali ya alfajiri. Kuanzia kama saa tisa au saa kumi usiku mpaka asubuhi, mwili wa kila binadamu unajiandaa kuamka. Unatoa homoni za ukuaji na za kuamsha mwili, na homoni hizo zinaliambia ini litoe sukari. Mtu asiye na kisukari, kongosho lake linajibu kwa kutoa insulini zaidi, basi sukari inabaki sawa. Mwenye kisukari hana jibu hilo, au analo dogo, kwa hiyo sukari inapanda taratibu hadi asubuhi.

MTANGAZAJI: Na ya pili?

MUUGUZI: Ya pili inaitwa athari ya Somogyi. Ni jina la mkemia Michael Somogyi, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi mjini St. Louis, Marekani. Mwaka 1938 alieleza kwamba insulini ikizidi usiku, sukari inashuka mno, mwili unashtuka, na ini linamwaga sukari nyingi ili kumwokoa mtu. Asubuhi anakuta namba kubwa, kumbe katikati ya usiku alikuwa hatarini.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo asubuhi namba inaweza kuwa ile ile, lakini mmoja insulini ilimpungukia na mwingine ilimzidi.

MUUGUZI: Ndiyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Aliyepungukiwa anaweza kuhitaji kuongezewa dawa ya usiku. Aliyezidiwa akiongezewa, usiku unaofuata sukari itashuka zaidi. Anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu usingizini, na wenzake wakadhani amelala tu. Ndiyo maana namba ya asubuhi peke yake haitoshi kumwongezea mtu dozi.

MTANGAZAJI: Watu watauliza: basi nitajuaje mimi ni yupi?

MUUGUZI: Kwa kupima saa tisa usiku. Unapima mara tatu katika usiku mmoja: kabla ya kulala, tuseme saa nne, halafu saa tisa usiku, halafu unapoamka, kabla ya kunywa au kula chochote. Namba hizo tatu unaziandika kwenye daftari pamoja na saa, ulichokula jioni, na yuniti ulizochoma.

MTANGAZAJI: Namba zenyewe zisomwe vipi? Mashine hazifanani.

MUUGUZI: Angalia kwenye kioo. Mashine nyingine inaandika mg/dL, nyingine mmol/L. Ukiigawa ya mg/dL kwa 18 unapata ile nyingine. Mimi leo nitatumia mg/dL. Namba ya kukumbuka ni 70, ambayo kwenye mashine nyingine ni 3.9. Chini ya hapo, sukari imeshuka. Mashine ikiandika LO, imeshuka mno, wala usipoteze muda kupima tena kabla ya kunywa sukari.

(Mlio mfupi wa muziki.)

MTANGAZAJI: Dada, tupe mfano wa mtu tumfuate usiku kucha.

MUUGUZI: Tumchukue baba mmoja, jina hatulitaji. Anatumia insulini ya mchanganyiko, ile ambayo chupa yake imeandikwa 30/70. Anachoma yuniti 20 asubuhi na 12 jioni. Asubuhi mashine ilikuwa inamwonyesha 205, 210, 225. Akaona dawa haitoshi, akajiongezea jioni mpaka 16. Baada ya siku chache asubuhi ikawa 240, halafu 250. Akaja kuomba dozi ipandishwe hadi 20.

MTANGAZAJI: Kwa akili ya kawaida, ombi lake lina maana.

MUUGUZI: Lina maana kama unatazama asubuhi tu. Lakini ameongeza dawa na sukari imepanda badala ya kushuka, kwa hiyo lazima ujiulize. Tukamuuliza mke wake kuhusu usiku. Akasema, "Anatoka jasho mpaka shuka inalowa, anaongea maneno yasiyoeleweka, na asubuhi analalamika kichwa." Mwenyewe hakumbuki lolote isipokuwa ndoto mbaya.

MTANGAZAJI: Mkapima usiku?

MUUGUZI: Usiku huo huo. Mke aliweka kengele ya simu. Saa nne usiku ilikuwa 150, namba nzuri. Saa tisa usiku ilikuwa 56. Mke akamkorogea maji ya sukari, akanywa. Saa kumi na mbili asubuhi ikawa 228.

MTANGAZAJI: Subiri, dada. Amekunywa sukari usiku. Si ndiyo iliyompandisha hadi 228?

MUUGUZI: Imechangia, na hilo ni swali zuri. Ndiyo maana tunachotafuta ni namba ya saa tisa usiku. Ile 56 imeshatupa jibu, hata asubuhi ingekuwa ngapi. Usiku mmoja wa namba ya chini unatosha kukuleta kliniki asubuhi yake. Usiseme ngoja nimalize siku tatu.

MTANGAZAJI: Na kwa nini ilishuka?

MUUGUZI: Tulimuuliza alikula nini na saa ngapi. Tangu mgao upungue, nyumbani wanapika mara moja, saa kumi jioni. Yeye anachoma sindano saa kumi na mbili jioni, kama alivyoandikiwa zamani, lakini saa hiyo anakunywa chai tu. Sasa, insulini ya 30/70 ina sehemu mbili ndani ya chupa moja. Sehemu 30 katika 100 inafanya kazi haraka, nayo inahitaji chakula ndani ya nusu saa. Sehemu 70 ni ile ya kufanya kazi polepole, na nguvu yake kubwa inakuja kati ya masaa manne na kumi baada ya kuchoma. Ukichoma saa kumi na mbili jioni, nguvu hiyo inaangukia kati ya saa nne usiku na saa kumi usiku, wakati tumbo halina kitu.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo dawa ilikuwa inafanya kazi bila chakula.

MUUGUZI: Ndiyo hivyo. Kliniki ilimrudisha kwenye yuniti 12 jioni, na sindano ikawekwa pamoja na chakula. Sehemu ya ugali na maharage ya saa kumi inahifadhiwa, anachoma, halafu anakula ndani ya nusu saa. Siku mbili baadaye saa tisa usiku alipata 104, na usiku uliofuata 118. Asubuhi ilikuwa 172 na 165.

MTANGAZAJI: Bado haijafika chini.

MUUGUZI: Bado. Watu wazima wengi tunawatakia kati ya 80 na 130 kabla ya kula. Lakini usiku wake sasa ni salama, na hilo linatangulia. Kilichobaki hapo kinaweza kuwa hali ya alfajiri, nacho kinashughulikiwa pole pole na daktari, bila haraka.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tunaye mama kwenye simu. Mama, karibu, uliza swali lako.

MSIKILIZAJI WA KWANZA: Ahsante. Mimi nachoma saa kumi na moja jioni, nakula hapo hapo, maana giza likiingia sipendi kuwasha moto. Nimepima kama mlivyofundishwa kliniki. Kulala 150, saa tisa usiku 162, asubuhi 245. Sitoki jasho. Mimi ni yupi?

MUUGUZI: Pole mama, na hongera kwa kuandika. Tazama namba zako: kuanzia kulala mpaka saa tisa sukari imekaa karibu pale pale. Haikushuka. Kuanzia saa tisa mpaka asubuhi imepanda zaidi ya 80. Hiyo ni sura ya alfajiri. Lakini kuna jambo la pili ndani yake. Umechoma saa kumi na moja jioni, na insulini ya polepole kwa watu wengi inaanza kuisha baada ya masaa 10 hadi 16. Kwa hiyo alfajiri, ini linapofungua ghala, dawa yako inaweza kuwa imekwisha au inakaribia kuisha. Hali ya alfajiri na dawa kuisha mapema mara nyingi zinatembea pamoja.

MSIKILIZAJI WA KWANZA: Basi nichome saa nne usiku, kabla ya kulala?

MUUGUZI: Hapana mama, tafadhali usifanye hivyo ukiwa na chupa ya 30/70. Ndani yake imo ile sehemu ya haraka, na ukiichoma usiku bila kula itakushusha. Njia zipo mbili, na zote zinaamuliwa kliniki. Moja ni kusogeza sindano pamoja na chakula chenyewe mbele kidogo, kama usalama wa nyumbani unaruhusu. Nyingine ni kutenganisha dawa: insulini ya haraka wakati wa chakula, na ile ya polepole, iliyoandikwa NPH, wakati wa kulala, ili nguvu yake ifike alfajiri. Nenda na daftari lako hilo. Namba hizo tatu zitamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

MSIKILIZAJI WA KWANZA: Nimekuelewa, dada. Ahsante.

MTANGAZAJI: Ahsante mama. Dada, na mtu ambaye namba zote tatu ziko juu? Tuseme kulala 290, saa tisa 275, asubuhi 280?

MUUGUZI: Huyo si wa alfajiri wala wa Somogyi. Sukari yake ilikuwa juu tangu jioni na imebaki juu. Tunatazama chakula cha jioni, dozi, mahali anapochoma kama pamekuwa pagumu, na dawa yenyewe kama imepata joto. Insulini iliyokaa juani au kwenye hema lenye joto kali inapoteza nguvu. Iweke kwenye chungu chenye mchanga uliolowana, kivulini, na chupa uifunge kwenye mfuko usiingie maji.

MTANGAZAJI: Tuna mzee mmoja pia. Shikamoo mzee.

MSIKILIZAJI WA PILI: Marahaba. Mimi sichomi sindano, nameza vidonge tu. Asubuhi nakuta 190. Jirani ameniambia niache kula usiku, na itashuka. Ni kweli?

MUUGUZI: Shikamoo mzee. Kwanza niambie, vidonge vyako ni vipi? Ni metformini peke yake, au na glibenklamaidi?

MSIKILIZAJI WA PILI: Vyote viwili.

MUUGUZI: Basi mzee, usiache chakula cha jioni. Metformini peke yake ni nadra kumshusha mtu. Lakini glibenklamaidi inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala, na inakaa mwilini kwa muda mrefu. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, au mwenye figo dhaifu, ukiruka chakula inaweza kukushusha usiku kama sindano. Nawe ungeamka na namba yoyote, ukadhani umefanya vizuri au vibaya, kumbe hujui kilichopita. Kula jioni kiasi cha kawaida, pima saa tisa usiku mara moja au mbili, kisha njoo na namba zako.

MSIKILIZAJI WA PILI: Sawa, mwanangu. Nimesikia.

MTANGAZAJI: Dada, stripu za kupimia ni chache. Wengine wanapewa chache sana kwa mwezi. Watafanyaje?

MUUGUZI: Najua. Kama unaweza, pima usiku tatu tofauti, ambazo zitatumia stripu tisa. Kama hazitoshi, acha ile ya kulala, ubaki na ya saa tisa na ya asubuhi. Kama umebakiwa na moja tu, itumie saa tisa usiku, si asubuhi. Na chagua usiku unaoogopa: siku uliyolima sana au kubeba maji mengi, siku uliyokula kidogo, siku uliyokunywa pombe, au siku dozi yako ilipobadilishwa. Pombe inalizuia ini kutoa akiba yake, kwa hiyo inashusha sukari usiku.

MTANGAZAJI: Kuna namna kipimo chenyewe kinaweza kudanganya?

MUUGUZI: Ndiyo. Kidole kilichogusa sukari, embe au ndizi kinatoa namba kubwa ya uongo. Nawa kwa maji na sabuni, kausha vizuri, ndipo utoboe. Stripu zilizopitwa na tarehe au kuachwa wazi nazo hazitegemeki. Saa tisa usiku mtu ana usingizi, kwa hiyo andaa maji, tochi, mashine na sukari kabla ya kulala.

MTANGAZAJI: Na asiye na mashine kabisa?

MUUGUZI: Anayelala naye awe jicho lake. Jasho jingi usiku wa baridi, kutetemeka, kuhangaika, kuongea ovyo, au kuamka na kichwa kizito na nguo zimelowa, hizo ni dalili za kushuka. Aende kituo cha afya aeleze. Lakini nisisitize: kukosa dalili si uthibitisho. Wengine, hasa wenye kisukari cha miaka mingi, wanashuka bila jasho wala kutetemeka.

MTANGAZAJI: Tukikuta chini ya 70, tufanye nini hapo hapo?

MUUGUZI: Mpe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, ambavyo ni karibu gramu 15. Soda ya kawaida nusu kikombe inafaa pia. Subiri dakika 15, upime tena. Bado iko chini ya 70? Mpe tena. Ikishapanda, ale kitu cha kukaa tumboni, kipande cha ugali, kiazi au muhogo, maana dawa bado inaendelea kufanya kazi. Kama hawezi kumeza au amepoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, uite msaada, apelekwe kituo cha afya mara moja.

MTANGAZAJI: Kabla hatujamaliza, dada. Nimesikia wataalamu wengine wanasema athari ya Somogyi si ya kawaida kama tulivyokuwa tunafundishwa.

MUUGUZI: Ni kweli, na wasikilizaji wana haki ya kulijua hilo. Zamani kila namba kubwa ya asubuhi ilishukiwa kuwa Somogyi. Siku hizi kuna vifaa vinavyokaa mwilini na kupima sukari usiku kucha, navyo vimeonyesha kwamba wengi wanaoshuka usiku wanaamka na sukari ya chini au ya kawaida. Kuamka na sukari ya juu kunasababishwa zaidi na alfajiri, dawa kuisha mapema, au chakula cha jioni. Na aliyeshuka akaamka juu, mara nyingi ni kwa sababu alikula sana usiku kujiokoa huku dawa ikiisha.

MTANGAZAJI: Basi kwa nini tuamke saa tisa usiku?

MUUGUZI: Kwa sababu mbili. Kwanza, hata kama si kawaida, huwezi kujua wewe si mmoja wao mpaka upime. Pili, kushuka usiku kupo, tena kwingi, asubuhi ikiwa juu au isiwe. Na usifanye kosa la upande wa pili: mtu anaamka na 240, anasema hii ni Somogyi, anajipunguzia insulini bila kupima. Kama kumbe ni alfajiri, sukari itazidi kupanda. Akianza kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na haraka, huyo aende kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na insulini usiache kuchoma kwa uamuzi wako mwenyewe.

MTANGAZAJI: Tufupishe kwa waliochelewa kufungua redio. Saa tisa usiku iko chini ya 70: dawa imezidi au chakula kimepungua, tibu kwa sukari, njoo kliniki asubuhi. Saa tisa usiku iko sawa, asubuhi iko juu: ni alfajiri, au dawa imeisha mapema. Zote tatu ziko juu: tazama chakula cha jioni, dozi na hali ya insulini. Nimesema vizuri?

MUUGUZI: Vizuri kabisa. Niongeze tu kwamba daftari hilo ulishike mkononi siku ya kliniki. Mhudumu akitaka kukubadilishia dozi ya jioni kwa namba ya asubuhi peke yake, mwombe kwa heshima, "Tafadhali tazama na hii ya saa tisa usiku."

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, wahudumu wa afya ya jamii katika mtaa wako wanaweza kukuonyesha namna ya kutumia mashine. Wiki ijayo, siku na saa kama ya leo, tutazungumza juu ya vidonda vya miguu kwa mwenye kisukari.

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unaisha.)